Re: Makamanda walikuwa wanazuia picha za vita ili iweje?

"Wakuu, hivi makamanda walikuwa wanazuia picha za maiti kwa sababu ya siri za jeshi au waliogopa tu raia kukasirika?"

Mkuu, siri ilikuwepo ila sio yote. Cheki ishu ya Vita ya Pili ya Dunia, George Strock, mpiga picha wa jarida la Life la Marekani, aliwapiga picha wanajeshi watatu wa Marekani wamekufa ufukweni Buna, kule New Guinea, wamelala kwenye mchanga na mawimbi yameshaanza kuwafukia. Mapigano ya pale yaliisha Januari 1943 ila picha ikatoka tarehe 20 Septemba. Miezi yote hiyo ipo tu kwa wakaguzi wa jeshi, maana tangu Marekani iingie vitani walikuwa hawaruhusu maiti za askari wao kuonekana, wakihofia watu nyumbani watakata tamaa.

Sasa utamu uko hapa, aliyeifungulia njia ni serikali yenyewe! Raia walianza kubweteka, wanaona vita kama imeshaisha, na mwezi huohuo kampeni mpya ya kuuza hati za dhamana za vita ilikuwa inaanza, basi Elmer Davis, mkuu wa ofisi ya serikali ya habari za vita, akambana Rais Roosevelt na Roosevelt akakubali.

Na hata hapo kuna masharti, angalia vizuri ile picha, hakuna sura hata moja inayoonekana. Nani asimame mbele ya meza ya magazeti pale Posta akutane na uso wa mwanae?

Kwahiyo mi naona walikuwa wanapima hasira za raia, siku zikiwafaa wanaachia.