Kila kitu kina lebo, mbona TalkBack bado inachosha?

Swali: Nimeweka contentDescription kwenye kila kitu kwenye apu yangu (Compose), Accessibility Scanner haioni kosa. Ila mtumiaji asiyeona kasema orodha ya bidhaa inamchosha mpaka anaacha. Nimeuziwa wazo la plagini inayorekebisha yote yenyewe, ninunue?

Jibu: Usinunue mkuu. Tatizo limeanzia hapo kwenye "kila kitu", na hili naliona karibu kila apu ninayoletewa. Skana inaangalia kama lebo ipo, haijui kama lebo ina maana kwa anayesikiliza.

Chukua mstari mmoja wa orodha yako, una picha, jina, bei na ikoni ya pipa. Umeipa picha lebo "picha", bei umeipa "bei", pipa umeandika "kitufe cha pipa". Sasa ukiweka contentDescription kwenye Text, TalkBack inasoma hiyo badala ya maandishi yenyewe, kwa hiyo mtu anasikia "bei" halafu kimya, hajui ni shilingi ngapi! Na neno kitufe TalkBack inalitaja yenyewe, wewe umemrudishia mara mbili. Juu ya hapo ana vituo vinne kila mstari, bidhaa 20 ni kutelezesha kidole mara 80.

Ondoa lebo kwenye Text zote. Picha ya urembo tu ipe contentDescription = null ili irukwe. Pipa liite kwa kazi yake, "Futa" pamoja na jina la bidhaa, maana "Futa" peke yake ikirudiwa mara 20 mtu hajui anafuta nini. Jina na bei viunganishe kwenye Column yao:

```
Column(Modifier.semantics(mergeDescendants = true) {}) {
    Text(jina)
    Text(bei)
}
```

Vinabaki vituo viwili, bidhaa na pipa.

Maandishi makubwa, angalia hiyo Column isiwe na height(48.dp), weka heightIn(min = 48.dp), kwa sababu Android 14 inaruhusu fonti hadi 200% na boksi lisilokua litakata bei katikati. Na kama bei ni kijivu #999999 juu ya nyeupe, uwiano wa utofauti wa rangi ni kama 2.8 kwa 1 wakati maandishi ya kawaida yanatakiwa angalau 4.5, #767676 inapita kidogo tu.

Hizi plagini zinanikera sana. Zinaongeza kitufe cha kukuza maandishi na kubadili rangi wakati simu ya mtu tayari ina mipangilio yake, na hakuna plagini itakayojua pipa lako linafuta oda au linaondoa bidhaa kwenye kikapu, hilo unalijua wewe uliyeandika code. Anayekuuzia "rekebisha yote kwa mstari mmoja" mwambie awashe TalkBack, afunge macho, aweke oda moja mpaka mwisho kwenye apu aliyoirekebisha yeye, mbele yako, kabla hujatoa hata senti.