Daraja la waenda kwa miguu: dakika zipi zihesabiwe?

Wewe unayeanza kazi ya kupanga barabara na madaraja, hesabu utakayokutana nayo mapema ni hii: dakika zinazookolewa kwa safari, mara safari za siku. Kuzidisha ni kazi ndogo. Shida iko kwenye namba unazozidisha.

Tuchukue mto wa msimu kati ya kijiji na soko. Kiangazi watu huvuka kwa kukanyaga maji, dakika 12 toka ukingo hadi ukingo. Masika mto ukijaa, wanazunguka hadi daraja la barabara kuu, dakika 60. Daraja jipya litachukua dakika 4. Mpangaji mgeni huandika: dakika 56 mara safari 200 mara siku 365, anapata saa zaidi ya 68,000 kwa mwaka. Ni nyingi mno.

Kwanza, kiangazi hakuna anayezunguka. Kinachookolewa ni dakika 8 tu, na kwa siku 245 za kiangazi inakuja karibu saa 6,500. Kwa hiyo pima njia ambayo watu wanaipita sasa. Itembee mwenyewe na saa mkononi, kisha urudi tena mvua zikinyesha.

Pili, zile safari 200 ni za kiangazi. Ukihesabu masika unaweza kukuta 60 tu, kwa sababu wengine wameahirisha soko au kliniki. Hao 60 wanaokoa dakika 56 kamili. Wale 140 watakaorudi njiani kwa sababu ya daraja hawaokoi dakika 56, maana hawakuwa wakizitumia. Mmoja angevuka hata safari ingepungua dakika chache, mwingine anasubiri ipungue karibu yote. Kwa wastani tunawapa nusu, dakika 28. Wenye fani huiita kanuni ya nusu. Kwa siku 120 za masika, makundi yote mawili yanatoa saa 14,560. Jumla ya mwaka ni kama saa 21,000, chini ya theluthi ya hesabu ya kwanza.

Nusu yenyewe ni makadirio. Inafaa zaidi muda unapopungua kidogo; ukishuka kutoka 60 hadi 4, gawanya kushuka huko kwa hatua na uwaulize watu wangeanza kusafiri muda ukishuka hadi dakika ngapi.

Angalia pia unachohesabu ukiwa ukingoni. Mama aendaye sokoni na kurudi ni safari mbili. Siku ya gulio haiwakilishi wiki nzima, basi hesabu na siku ya kawaida, kuanzia alfajiri, kwa kuwa wanafunzi hupita mapema.

Wala usimpe kila mtu daraja. Dar es Salaam, Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa 2016, lakini vivuko vya Magogoni havikuacha kazi: anayetembea kutoka Kivukoni hana faida ya kuzungukia Kurasini linakoanzia daraja. Huyo kwenye jedwali lako anaandikiwa sifuri.