Programu Inakosea Maneno ya Wimbo: Acha Kwanza Kuondoa Kelele

Swali: Habari, mtaalamu. Nina nyimbo za taarabu za zamani nilizozitoa kwenye kaseti za bibi, nataka maneno yake yaandikwe. Natumia Whisper, programu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Nikimpa hotuba ya kawaida anaandika vizuri, lakini kwenye nyimbo anabuni maneno, na mahali pengine anarudia mstari mmoja mara kumi. Nimeziondolea kelele kwenye Audacity, sasa zinasikika safi kabisa, ila matokeo yamekuwa mabaya zaidi. Nitumie programu gani nyingine ya kusafisha?

Jibu: Hakuna nyingine, ndugu yangu. Rudi kwenye faili za mwanzo, zile ulizozitoa kwenye kaseti kabla hujazigusa. Kama umezifuta, toa upya kwenye kaseti kwa WAV ya 44,100 Hz, bila kichungi chochote. Hizo ulizosafisha zimeshapoteza herufi, na herufi iliyofutwa hairudi.

Karibu kila anayeleta tatizo hili ameshapita kwanza kwenye kuondoa kelele, kwa sababu ndivyo anavyoelekezwa kwenye video za dakika tatu: muziki ni kelele, ondoa kelele, sauti itabaki. Maelekezo hayo ni ya uongo. Kifaa cha kuondoa kelele kinachukua sampuli ya sekunde moja au mbili isiyo na sauti ya mtu, kinapima kila eneo la masafa lina nguvu kiasi gani, kisha katika faili nzima kinapunguza chochote kisichopita kiwango hicho katika eneo lake. Kwa feni au mvumo wa umeme kinafaa, kwa kuwa feni inavuma vilevile tangu mwanzo hadi mwisho. Fidla haikai noti moja. Sampuli uliyoichukua kwenye utangulizi wa wimbo inaeleza noti za utangulizi tu. Mwimbaji anapoanza ubeti, fidla zimeshahama, na kinachopunguzwa ni sauti yake yeye.

Kuna baya zaidi, nalo ndilo linalokuharibia kazi. Herufi *s* ni kelele. Ukiipima, haina noti, ni pumzi iliyotawanyika, nguvu yake nyingi ikiwa juu ya 4,000 Hz. Na ule mvumo wa "shhh" wa kaseti umekaa hukohuko na una umbo lilelile. Kifaa hakina njia ya kujua kipi ni mkanda na kipi ni ulimi wa mwimbaji, kwa hiyo kinavipunguza vyote viwili. *Sh*, *f* na *ch* nazo huumia hivyohivyo.

Chukua mstari huu niliouunda kwa mfano: "Sitamwacha mwenye wema, kwa maneno ya jirani." Ondoa *s* ya kwanza. Kinachobaki ni "itamwacha", na programu ya kutambua usemi haipendi kuacha neno lisilozoeleka. Inachagua maneno kwa vitu viwili kwa pamoja: sauti inayoisikia, na mfuatano wa maneno iliyouzoea kutokana na maandishi iliyofunzwa nayo. Sauti ikiwa dhaifu, mazoea ndiyo yanayoamua. Basi inaandika "Nitamwacha mwenye wema, kwa maneno ya jirani." Kwa hesabu ya makosa ni neno moja kati ya saba, na mtu atakwambia programu yake imepatia zaidi ya asilimia 85. Lakini mwimbaji aliyeapa kubaki sasa anaaga. Kiswahili hubeba nani, lini na ukanushi katika silabi za mbele za kitenzi, na ile ya kwanza ndiyo fupi na nyepesi zaidi katika uimbaji. Mwimbaji anaipita haraka ili akavute irabu zinazofuata.

Sasa kuhusu muziki wenyewe. Watu hudhani tatizo ni ukubwa wa sauti, kwamba ngoma zinamfunika mwimbaji, basi wanashusha besi kwenye ekwalaiza au wanapandisha sauti ya faili nzima. Kupandisha faili kunapandisha vyote sawasawa, hivyo hakubadilishi kitu. Besi nayo inaingilia kidogo tu, kwa sababu maneno yanatambulika zaidi kati ya takriban 300 na 4,000 Hz. Wanaoingilia kweli ni fidla, kodiani na kanuni. Katika taarabu vyombo hivi mara nyingi hufuata melodia ileile ya mwimbaji. Mwimbaji akiwa kwenye noti ya 220 Hz, sauti yake ina vizidishi vya 440, 660, 880 na kuendelea. Fidla iliyo kwenye noti hiyohiyo ina vizidishi hivyohivyo, mahali palepale. Hakuna ekwalaiza inayoweza kukata kimoja na kuacha kingine.

Na irabu zinajulikana kwa vizidishi vipi vimepata nguvu. *U* na *i* zinafanana kule chini, zote zina mkusanyiko wa nguvu karibu na 300 Hz. Tofauti kubwa iko juu: *i* ina mkusanyiko mwingine unaopita 2,000 Hz, wakati wa *u* uko karibu na 800. Fidla ikimwaga nguvu yake juu ya 2,000 wakati mwimbaji anasema *u*, programu inaona kitu kinachofanana na *i*. Hapo "umenipa raha" inakuwa "imenipa raha", na mpenzi aliyekuwa akisifiwa anageuka kitu.

Kinachosaidia ni programu ya kutenganisha, iliyofunzwa kwa nyimbo ambazo kila chombo kilirekodiwa peke yake, ikajifunza sauti ya mtu inavyokwenda. Demucs inapatikana bure na inatosha. Ipe faili ya mwanzo, yenye 44,100 Hz:

```
demucs --two-stems=vocals wimbo.wav
```

Sauti utaikuta ndani ya `separated/htdemucs/wimbo/vocals.wav`. Isikilize kwa spika za masikioni kabla ya kwenda mbele. Utasikia mabaki ya fidla, maana programu hizi zimefunzwa zaidi kwa pop na roki za Magharibi, zenye gitaa na dramu, na fidla inayoimba sambamba na mtu huwa inavuja. Sauti za kiitikio nazo zitabaki, kwa kuwa nazo ni za watu. Usijaribu kuyasafisha mabaki hayo. Whisper imefunzwa kwa rekodi nyingi zenye kelele na inavumilia fidla hafifu. Silabi iliyokatwa haiwezi kuivumilia.

Kisha kata ubeti mmoja mmoja, ukiacha kama sekunde moja mbele na nyuma. Hapa ndipo penye dawa ya ule mstari unaojirudia. Whisper inasoma vipande vya sekunde 30. Kipande chenye vyombo vitupu hakina maneno, lakini programu imezoeshwa kuandika, hivyo inaandika. Halafu, kwa mpangilio wake wa kawaida, inatumia ilichoandika kama mwongozo wa kipande kinachofuata, na kosa linajilisha lenyewe. Tena, usipoitajia lugha, inaikisia kwa sekunde 30 za kwanza, na katika taarabu sekunde hizo mara nyingi ni fidla tupu. Ikikisia Kiarabu, kila kinachofuata kimepotea. Kwa ubeti unaoanza 1:35 na kuisha 2:50, ukate kwa programu ya ffmpeg kisha uipe Whisper, hivi:

```
ffmpeg -i separated/htdemucs/wimbo/vocals.wav -ss 00:01:34 -to 00:02:51 ubeti1.wav
whisper ubeti1.wav --model large-v2 --language sw --condition_on_previous_text False
```

Usihangaike kuigeuza faili iwe mono ya 16,000 Hz. Whisper inafanya hivyo yenyewe. Ila usiishushe kabla ya kutenganisha, kwa kuwa Demucs inahitaji masafa yote.

Endesha amri hiyohiyo pia kwa ubeti uleule uliokatwa kwenye rekodi isiyotenganishwa, uweke maandishi mawili pembeni kwa pembeni. Si kila mara yaliyotenganishwa yanashinda. Panapokubaliana, uwezekano wa kuwa sahihi ni mkubwa. Panapotofautiana, ndipo pa kusikiliza.

Kusikiliza kwenyewe kuna namna yake. Fungua rekodi ya asili kwenye Audacity na ubadili mwonekano wa wimbo uwe `Spectrogram`. Nenda kwenye silabi unayoitilia shaka. *S* inaonekana kama wingu lisilo na mistari juu ya 4,000 Hz, na linaanza na kuisha ghafla. *N* inaonekana kama mistari ya kulala kule chini, huku juu pakififia. Kwa "sitamwacha" na "nitamwacha" utaona jibu kabla hujalisikia, hata kama kaseti inavuma, kwa sababu mvumo wa mkanda ni zulia lililotandikwa muda wote, na *s* inajitokeza juu yake kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Kipimo cha pili hakihitaji kompyuta. Nyimbo nyingi za taarabu ya zamani zimetungwa kwa mizani, mara nyingi nane kwa nane. Hesabu: si-ta-mwa-cha mwe-nye we-ma, nane, kwa ma-ne-no ya ji-ra-ni, nane. Programu ikikuletea "kwa maneno jirani", umepata saba, silabi imedondoka na unajua ni kipande gani cha kurudia. Angalia pia vina vya mwisho. Mstari mmoja ukivunja kina kilichoshikwa na wenzake, ushuku programu kabla hujamshuku mtunzi. Mizani haitakuonyesha *si* iliyogeuka *ni*, kwani zote ni silabi moja, ndiyo maana kipimo cha kwanza hakiachwi.

Kuna sehemu hakuna programu itakayokusaidia: mwimbaji anapovuta irabu moja kwa sekunde kadhaa huku akiizungusha, na kiitikio kinapoingia juu ya mwisho wa ubeti kwa maneno tofauti. Hapo andika kwa sikio.

Nawaonya na wengine wanaosoma hapa, maana matangazo ya "tunanukuu nyimbo kwa usahihi wa asilimia 99" yamezidi. Anayekupa asilimia bila kukuambia ameipima kwenye nyimbo zipi, za lugha gani, hajapima. Katika saa 680,000 za sauti zilizotumika kuifunza Whisper ya kwanza mwaka 2022, sehemu kubwa ilikuwa Kiingereza, na Kiswahili kilipata chembe tu. Tena makosa ya programu hizi hayaonekani kwa macho: tahajia ni safi, sarufi imekaa, sentensi inasomeka. Mtu anaibandika mtandaoni kama maneno halisi ya wimbo, mwingine anainakili, na programu ya kesho inafunzwa kwa nakala hizo. Mtunzi akiwa ameshafariki, hakuna wa kusahihisha.

Kwa hiyo unapohifadhi maandishi ya bibi, weka dakika na sekunde mbele ya kila mstari, na kila silabi usiyo na hakika nayo iwekee alama, hivi: `02:14 [si?]tamwacha mwenye wema`. Hifadhi pamoja nayo WAV ya mwanzo, isiyoguswa, ili atakayekuja na sikio zuri zaidi awe na kitu cha kusikiliza.