Mpishi wa nyumbani, kwenye simu za wateja wako umeseviwa nani?

Wadada wengi wanaopika nyumbani wakinifata inboksi wanataka tuongelee logo, rangi na picha za Insta. Mimi kama mpishi mwenzao, kabla ya hayo yote namwambia mtu, hebu mpigie mteja mmoja wa kawaida, asiwe shoga yako wala ndugu yako, muulize amekusevu nani. Majibu yanafanana: "Mama Pilau", "dada wa sambusa Tabata", "mpishi wa arobaini ya baba", au hajakusevu kabisa, kila akitaka kuoda anahangaika kupekua meseji za zamani. Hiyo ndo brendi yako ya kweli kwa siku ya leo. Mana wewe huna duka, huna bango barabarani, huna mlango ambao mtu atapita auone akumbuke, kwahiyo biashara yako inakaa sehemu mbili tu, kwenye midomo ya watu na kwenye simu zao, na kama kwenye simu haipo basi hata ule mdomo hausaidii sana.

Na kusevu namba siyo suala la heshima tu, kuna sababu ya kiufundi ambayo wapishi wengi hawaijui. Stetasi ya Wasap inaonekana kwa mtu ambaye wewe umemsevu na yeye amekusevu, lazima iwe pande zote mbili. Brodikasti nayo ni hivohivo, unaweza kuweka watu hadi 256 kwenye orodha moja lakini ambaye hajakusevu ile meseji haimfikii na wala hutaambiwa kwamba haijamfikia. Kwahiyo unakuta mtu ana wateja mamia aliowapikia, anaposti biriani ya Ijumaa inaonekana nzuri balaa, wanaoona ni wachache na hao wengi wao ni ndugu zake, anaishia kusema watu hawana hela. Fungua stetasi yako ya jana uangalie waliotazama, kisha ulinganishe na watu waliooda miezi ya karibuni. Ukikuta wateja uliowapikia hawamo kabisa kwenye ile orodha, kwa kiasi kikubwa ndo haohao ambao hawajakusevu au wewe hujawasevu. Wapo pia wanaozima ile alama ya kusoma, hao hata wakitazama huwaoni, lakini siyo wengi kiasi hicho.

Tiba yake ni kumuomba, na muda wa kumuomba ni pale tu chakula kimemfikia na amejibu kwamba kimefika. Siyo wakati anauliza bei, hapo bado anakupima. Unaandika kifupi, "Ahsante dada, nisevu kwa jina hili ili Alhamisi uone menyu ya wikiendi", na unamtumia namba yako kama kontakti iliyoandikwa jina tayari, yeye anabonyeza tu. Na wewe msevu palepale na aina ya oda yake, mfano "Mama Salma pilau kg 5 Segerea", mana akirudi baada ya miezi sita ukamkumbuka kwa oda yake anajiskia yuko kwa mtu wake.

Sasa jina lenyewe. Hapa ntakaa kidogo mana ndo panapoharibika. Jina la mpishi anayeuza kwa kusikika linatakiwa lipite kwenye mdomo, kwenye sikio, halafu kwenye kidole, bila kubadilika njiani. Kuna dada mmoja wa Kinyerezi nilikaa naye tukalifanyia kazi la kwake. Lilikuwa na maneno manne ya Kizungu na alama katikati, kwenye logo linapendeza kweli, ila hakuna mteja hata mmoja aliyeweza kulitaja. Tulichofanya ni kuandika majina kama matano, tukayarekodi kwa voisi noti tukawatumia watu wa aina tofauti, kijana wa ofisini, mama mtu mzima, bodaboda anayempelekea mizigo, tukawaomba waandike walichosikia. Jina lenye "dhahabu" likarudi na "zahabu", lenye r likarudi na l kwa baadhi, lenye "kh" likarudi na "h" tupu. Hawa watu hawana kosa, ndivo tunavoongea huku bara na pwani, ni jina ndo linatakiwa liwafate wao.

Tukaishia na mtindo rahisi, chakula chake kinachojulikana ukiongeza jina ambalo mtaani wanamwita tayari, kitu kama Pilau ya Bimkubwa. Mtu akisema hivo kwenye kikao cha harusi, mwenzake anaelewa anauza nini na analiandika bila kuuliza. Kwenye Insta liandike pamoja bila vistari vya chini wala namba, mana hakuna mtu anasema "kistari cha chini" akiwa anamwelekeza mwenzake. Halafu ile sehemu ya jina inayokaa juu ya wasifu, ambayo ni tofauti na jina la akaunti, weka chakula na eneo, "Pilau na vitafunwa Tabata", kwasababu mtu akitafuta Insta inasoma pale pia. Kama jina lako la zamani limeshazoeleka japo ni baya usiliue ghafla, liandike chini ya jipya kwa miezi kadhaa mpaka uone watu wanataja jipya wenyewe.

Utaniambia mimi napika vitu kumi na mbili, nikijiita wa pilau sambusa na katlesi zitauzwaje? Zitauzwa. Mtu anakuja kwa pilau, akishafika anauliza na vitafunwa unafanya? Lakini mtu hamuelekezi mwenzake kwa mpishi wa kila kitu, anamuelekeza kwa mpishi wa kitu flani alichokula kikamshika.

Na hapo ndo tunafika kwenye shughuli, soko kubwa kuliko posti zote. Kwenye khitma au arobaini ya watu 80 mteja wako ni mmoja tu, aliyelipa. Wale 79 wamekula chakula chako hawajui kimetoka wapi, na wanaouliza wanajibiwa "kuna dada mmoja hivi" basi imeisha. Stika zako ulizobandika kwenye ndoo na makontena zimebaki jikoni kwa wenye shughuli, mana chakula kimepakuliwa kwenye sinia na hotpoti zao. Kitu kilichotufanyia kazi ni pilipili. Tunapeleka chatne ya embe au pilipili ya kusaga kwenye vikopo vidogo vyenye mfuniko, vinakaa mezani kila baada ya watu wachache, na mfuniko una jina na namba. Hicho kikopo kinaenda mkononi kwa mtu, mara nyingi kinabebwa na kinakaa kwenye friji siku kadhaa, na kila akifungua friji namba iko pale. Ila muombe ruhusa mwenye shughuli kabla, hasa kwenye msiba, wapo wasiopenda kuona tangazo pale na wako sahihi.

Stika yenyewe isiwe ya karatasi. Mvuke na mafuta vinaila ndani ya saa moja, wino unachuja na namba haisomeki, mwambie mchapishaji unataka ile ya plastiki isiyoingia maji. Ibandike mfuniko ukiwa mkavu na wa baridi kabla hujajaza chakula, ukibandika juu ya kontena la moto inajikunja pembeni. Kwenye stika weka jina, namba kwa maandishi makubwa, chakula chako kimoja, na nafasi ya kuandika tarehe kwa kalamu. Alama ya TBS au ya halali usiiweke kama hujapewa cheti chake, hata kama umeiona kwa mwenzako, hiyo ni alama ya mtu mwingine.

Lakini ukifanya yote hayo halafu pilau ya mwezi huu siyo ile ya mwezi uliopita, yule aliyekupigia debe unamvunjia heshima mbele ya watu wake na hatorudia kukutaja. Kwahiyo nunua mzani mdogo wa gramu, acha kukadiria kwa kiganja, hasa kama kuna siku anapika msaidizi. Mimi kwa kilo moja ya mchele naweka bizari nzima gramu 15, mdalasini 6, pilipili manga 5, iliki 4 na karafuu 2, navikaanga kavu kidogo, nasaga, napaki vifuko, kila kimoja cha kutosha kilo moja ya mchele. Karafuu ndo ya kuchunga zaidi, ikizidi kidogo tu inafunika vyote. Yako itakuwa tofauti, cha msingi iandikwe na isibadilike. Mchele nao chagua mmoja ukae nao. Mchele mpya wa msimu unataka maji pungufu kuliko uliokaa ghalani, ukiuwekea maji yaleyale unapata bokoboko, kwahiyo kila ukifungua gunia jipya pika kwanza robo kilo ya majaribio kabla hujaugusa kwa oda ya mtu.

Kitu ambacho watu hawakihesabu kama brendi ni jina linalotokea mteja akilipa. Akituma hela, kabla hajathibitisha anaona jina la mwenye laini. Sasa kwenye Insta wewe ni Pilau ya Bimkubwa, kwenye simu linatokea jina la kiume la mtu asiyemjua, na watu saivi wameshatapeliwa sana mitandaoni, hapo anaghairi kimyakimya na wewe hutajua kwanini hakurudi. Chukua Lipa Namba yenye jina lilelile la biashara, na ukilisajili jina BRELA inakusaidia likae sawa kotekote. Kama bado hujaweza, mwambie kabla hajatuma, "litatokea jina la mume wangu, flani flani", kwa meseji hiyohiyo unayompa namba. Mteja mpya pia usimdai hela yote mwanzo, sisi nusu inatangulia ya kununulia vitu na nusu chakula kikifika.

Mwisho hiyo namba ilinde, iwe ya biashara peke yake, laini isajiliwe kwa kitambulisho chako wewe siyo cha mdogo wako, na uitumie mara kwa mara ili isije kufungwa. Ikibidi kuihama, Wasap kuna sehemu ya kubadili namba kwenye mipangilio upande wa akaunti, inahamisha magrupu yako na inakupa nafasi ya kuwajulisha kontakti zako. Usifungue akaunti mpya kuanzia sifuri. Na ile ya zamani iache hewani kwa muda mrefu, hata kwenye kitochi cha bei rahisi, mana kuna vikopo vya pilipili huko kwenye mafriji ya watu bado vina namba hiyo.