Ndorobo amerudi wiki tatu baada ya sindano

"Ng'ombe wangu wa Handeni nilimchoma Berenil, dawa ya ndorobo, wiki tatu zilizopita. Sasa ufizi umepauka tena na PCV, yaani kiwango cha chembe nyekundu kwenye damu, ni asilimia 18. Dawa imeshindwa?"

Pole sana, ndugu mfugaji. Usichome tena kabla ya kipimo. Mtaalamu achukue tone la damu kwenye mshipa wa sikio, alipake kwenye kioo. Akiona vijidudu vidogo visivyo na mkia huru, vimejibana pembeni mwa chembe nyekundu, hao ni tripanosoma kongolense, vimelea wa ndorobo. Kioo kikiwa safi bado huna uhakika kuwa amepona, kwa maana vimelea wachache hufichika. Upungufu wa damu wenyewe nao huchelewa kupona hata vimelea wakishakufa.

Wakionekana, kwanza niambie ulichanganyaje. Pakiti ya gramu 2.36 kwenye maji mililita 15 inatosha kilo 300, yaani mililita 5 kwa kila kilo 100. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji 12.5. Ukimkadiria kwa macho kuwa 150, umempa 7.5, na dozi pungufu ndiyo inayofuga usugu. Mpime kwa utepe wa kifuani.

Kama dozi ilitimia, hamia dawa nyingine, isometamidiamu, miligramu 0.5 kwa kilo, ndani kabisa ya msuli. Dawa ya homidiamu usiitegemee kama mbadala wake, maana vimelea sugu kwa moja mara nyingi huwa sugu kwa nyingine. Apimwe tena baada ya wiki mbili. Ila huko kwenu mbung'o wanaoeneza ndorobo wapo, kwa hiyo anaweza kuwa ameambukizwa upya.