Silabi zimetosha, mbona wimbo unapinda?

*Mwalimu shikamoo. Tupo kwaya ya vijana hapa Igoma. Mwenzetu alitunga wimbo kwa Kiingereza, sasa tunautafsiri tuuimbe kwenye harusi ya dada mmoja mwezi ujao. Melodi ni ya mapigo matatu, mistari ni silabi 8, 6, 8, 6. Maana ya beti ya kwanza: usiku umeingia, naona mwanga wa taa yako, upepo umegeuka, ila taa haizimiki, nitafika nyumbani. Mwanzo tuliandika "Usiku sasa umefika" tukakuta silabi tisa, tukabadilisha ikawa "Usiku umeshafika", nane kamili. Mstari wa pili "Taa naiona", sita kamili. Hesabu iko sawa lakini tukiimba watu wanacheka, wanasema tunaimba kama wazungu. Tunakosea wapi?*

Marahaba mwanangu. Mmekosea pale mlipofuta rasimu ya kwanza. Ule mstari wa silabi tisa ndio uliokuwa sahihi, na huu wa nane ndio umepinda, ngoja nikuonyeshe kwa nini.

Chukua melodi yenu uigonge mezani bila maneno. Kila mstari unaanza na noti nyepesi kabla ya pigo zito, alafu unaenda hivi: ta TA ta TA ta TA ta TA. Herufi kubwa ndio pigo zito. Sasa weka maneno yenu juu yake: u-SI-ku-U-me-SHA-fi-KA. "Usiku" imekaa vizuri, si ndio? Lakini "umeshafika" hakuna mtu toka Kirumba mpaka Nansio anayeitamka umeshafi-KA. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, umeshaFIka, na masikio ya watu yanautegemea huo mkazo kujua neno linaishia wapi. Ukiuhamisha, neno linavunjika hata kama silabi zote zipo. Mstari wa pili ndio balaa zaidi, ta-A-na-I-o-NA, taa imekuwa ta-A na naiona imekuwa naio-NA, yani maneno mawili na yote mawili yameteguka, apo lazima watu wacheke.

Chanzo ni kwamba Kiingereza kina maneno mengi mno ya silabi moja, kwa iyo mistari yake mingi inaishia kwenye pigo zito, TA, basi, mstari umekwisha. Kiswahili karibu kila neno linaishia na silabi nyepesi. Mstari wa Kiingereza unaoishia na TA, wa kwetu unataka kuishia na TA-ta. Ukilazimisha hesabu ya silabi ifanane na ya Kiingereza, silabi nyepesi ya mwisho inakwenda kukaa juu ya noti nzito, na inakuwa ivo kila mstari, kila beti, mpaka mwisho wa wimbo. Mizani tuliyozoea kwenye mashairi ya kusoma inahesabu silabi tu, kwenye wimbo haitoshi, inabidi uhesabu na mapigo.

Sasa dawa zipo mbili na wimbo wenu unazihitaji zote mbili, kila moja mahali pake.

Ya kwanza ni kuipasua noti ya mwisho. Kwa melodi ya namna yenu, noti nzito inakula mapigo mawili na nyepesi inakula moja. Mwisho wa mstari wa kwanza kuna noti ya mapigo mawili kabla ya ile nyepesi inayofungua mstari wa pili. Ipasue iwe noti mbili za pigo moja moja, sauti ile ile, usipande wala kushuka. Kwa nota za solfa, tuseme palikuwa na `| s :- :m |`, sasa unaandika `| s :s :m |`. Melodi haijabadilika, msikilizaji anayeujua wimbo wa Kiingereza hatashtuka, ila wewe umepata silabi ya tisa. Sasa rudisha rasimu yenu: u-SI-ku-SA-sa-U-me-FI-ka. Isome kwa sauti ukipiga makofi kwenye herufi kubwa. Hakuna neno hata moja lililopinda.

Na hiyo haikuwa bahati. Kwa melodi za kupishana nyepesi nzito kama hii, neno la silabi shufwa (mbili, nne, sita) lianzie pigo zito, na neno la silabi witiri (tatu, tano) lianzie noti nyepesi. U-SI-ku ni tatu, imeanzia nyepesi. SA-sa mbili, U-me-FI-ka nne, zimeanzia nzito. Ukizingatia hilo mkazo unajipanga wenyewe. Ndio maana mimi nikitafsiri naweka pembeni orodha ya maneno yangu nimeyagawa mafungu mawili, shufwa na witiri, alafu nacheza nayo kama mtu anayepanga tofali. Bahati nzuri Kiswahili kinakupa njia za kuongeza au kupunguza silabi moja bila kuua maana: ninakupenda ni tano, nakupenda ni nne. Mama wangu ni nne, mamangu ni tatu, na mkazo nao unahama, ma-MA-ngu. Hizo ndio spana zako.

Dawa ya pili ni ya mstari wa pili na wa nne. Hapo melodi za aina hii huwa zinatulia, noti ya mwisho inavutwa mrefu, na ndipo pale waimbaji wanapovuta pumzi. Ukiipasua unaharibu ule utulivu. Kwa iyo tafuta neno linaloishia na vokali mbili zinazofanana: taa, kaa, juu, mkuu, njoo, kondoo, shangaa, kataa, sambaa, ng'aa. Maneno haya kwa kanuni yana mkazo pale pale pa kawaida, TA-a, lakini kwa kuwa vokali ni ile ile unaivuta tu kwenye noti moja ndefu, taaaa, na sikio linaridhika kabisa. Ndio njia nyepesi ya kuufanya mstari wa Kiswahili uishie na TA kama wa Kiingereza.

Mlikuwa na neno "taa" mkononi tangu mwanzo, mkaliweka mwanzo wa mstari ambako linateswa! Lihamishie mwisho. Nilijaribu kwanza "Naona yako taa", mapigo yanakaa lakini mpangilio wa maneno unanuka tafsiri, nani anasema yako taa. "Naona ile taa" ni bora, na-O-na-I-le-TAA, na hiyo "ile" imebeba maana nzuri, ni taa ambayo mwimbaji anaijua tayari.

Mstari wa tatu upepo umegeuka. U-PE-po-U-me-BA-di-LI-ka, tisa, noti ya mwisho imepasuliwa kama ya mstari wa kwanza. Wa nne tunataka kina cha taa, na maana ya haizimiki ipo kwenye neno ng'aa: la-KI-ni-I-na-NG'AA. Beti nzima:

Usiku sasa umefika,
Naona ile taa,
Upepo umebadilika,
Lakini inang'aa.

Utauliza, upepo ndio umetajwa mwisho, watu hawatadhani upepo ndio unaong'aa? Hapana, ngeli imetulinda, upepo ungekuwa "unang'aa", "inang'aa" inamrudisha mtu kwenye taa bila kuitaja. Kiingereza hakina huo msaada, tuutumie.

"Nitafika nyumbani" imeanguka njiani, nimeona. Ndivyo ilivyo, mstari wa silabi nane kwa Kiingereza unaweza kubeba maneno saba nane, wetu wa silabi tisa hapo juu una maneno matatu. Haiwezekani vitu vyote viingie, kwa iyo usitafsiri mstari kwa mstari, tafsiri beti, chagua picha moja inayoshika beti nzima (kwenu ni taa) na kilichobaki kihamishie beti inayofuata kama kina nafasi. Nyumbani ina silabi tatu, inaanzia nyepesi, itapata mahali.

Kuhusu vina, hamkuuliza ila mtakwama hapo. Angalia kwanza Kiingereza chenyewe kinafunga vina wapi, nyimbo nyingi za 8, 6, 8, 6 zinafunga mstari wa pili na wa nne tu, basi nanyi msijitese na ile mingine. Sisi hapo juu tumepata -ika na -ika bure, asante. Tahadhari ni kwamba kwenye shairi la kusoma silabi ya mwisho ikifanana inatosha, ila kwenye wimbo silabi hiyo ni nyepesi na inapita haraka, kwa iyo "fika" na "weka" kwa kuimba hazisikiki kama kina, "fika" na "badilika" zinasikika. Hakikisha na vokali yenye mkazo inafanana. Na msimalize kila kitu kwa nyumbani, njiani, ziwani, majini, inachosha.

Kitu kingine cha kuangalia ni ile m inayosimama peke yake. Mpenzi ni silabi tatu, m-pe-nzi, sio mbili, m inahitaji noti yake, na kwa sababu inaimbwa midomo imefungwa iweke kwenye noti nyepesi ya chini. Mtu na mto ndio ngumu zaidi, maana mkazo unaangukia kwenye m yenyewe, ukiiweka kwenye noti ndefu ya juu sauti ya kwanza watabaki wanaguna. Lakini mbali na mbuzi ni silabi mbili tu, hapo mb ni kitu kimoja.

Mwaka fulani kwaya moja niliyokuwa nafundisha iliimba "natembea barabara" mkazo ukaangukia ba-RA-ba-ra, yani barábara, ikawa mtu anatembea sawasawa kabisa badala ya kutembea njiani. Mimi ndiye niliyeandika, na sikugundua mpaka mzee mmoja aliposhuka kwenye pantoni ya Kamanga akaniuliza huyo bwana alikuwa anatembeaje kabla. Tangu hapo kila tafsiri nairekodi kwenye simu, nampa mtu asiyeona maneno aandike anachosikia. Akiandika kitu tofauti na nilichotunga, nafuta mstari, sibishani.

Mna kazi mbili za mazoezi. Mwisho wa mstari wa kwanza na wa tatu sasa hamna pa kupumua maana mapigo yote matatu yana silabi, kwa iyo "-ka" ikatwe fupi na pumzi iibwe hapo. Na kwenye "lakini inang'aa" i mbili zinakutana, wakizembea itasikika lakininang'aa na silabi moja itapotea, waambie waiguse i ya pili upya, bila kuvuta pumzi. Na mkishapasua noti kwenye sauti ya kwanza, pasueni na kwa sauti za besi na teno pia, la sivyo wao watabaki wameshikilia "fi" wakati wenzao wameshafika.