Geji moja, ulimi na uma: fremu nyepesi ya kioo

Mbao za paini tunazonunua hapa Mafinga huandikwa unene mmoja, lakini ukizipima moja moja utakuta hazilingani. Ndiyo maana fremu ya kioo ikiunganishwa kwa ulimi na uma, yaani ncha ya ubao mmoja ikiingia kwenye mwanya wa ncha ya mwingine, hugoma kuingia, au huingia ikapwaya, na fundi anasingizia msumeno.

Tatizo huanzia kwenye uchoraji. Wengi wetu tuna geji ya kuchorea mistari yenye sindano moja. Unaitega milimita 7, unachora kutoka uso wa mbele, kisha unageuza ubao na kuchora kutoka nyuma. Tuseme mhimili wa wima una unene wa milimita 21 na wa mlalo ni 20. Kwenye wima, katikati inabaki 7, huo ndio mwanya wa uma. Kwenye mlalo inabaki 6, huo ndio ulimi. Geji haikuguswa, lakini tayari ulimi unacheza.

Mimi natumia geji ya sindano mbili. Sindano ya kwanza inakaa milimita 7 kutoka kitakoni, ya pili 14. Nakaza skrubu, na siilegezi mpaka ncha zote nane za fremu zichorwe, yaani nne za uma na nne za ulimi. Kabla ya hapo napiga randa uso mmoja wa kila ubao na kuuwekea alama ya penseli. Kitako cha geji hugusa uso huo tu. Hivyo ulimi na mwanya vyote vinakuwa 7, na ile milimita moja inayotofautiana inaangukia nyuma, ambako randa itaimaliza baada ya gundi kukauka. Kama huna geji ya sindano mbili, chora mstari wa 7 kwenye vipande vyote kwanza, halafu ndipo utege 14, bado kutoka uso uleule.

Sasa msumeno. Mistari ni ileile ila sehemu ya kutupa si ileile: kwenye uma unatupa katikati, kwenye ulimi unatupa pembeni. Weka alama ya X panapotupwa, na msumeno upite upande wa X, mstari ubaki unaonekana. Ukikosea upande, unapoteza unene wa njia ya msumeno. Kina cha uma kiwe upana wa ubao wa mlalo, ongeza milimita moja ya kuranda baadaye. Kitako cha mwanya nakitoa kwa patasi ya milimita 6, nusu kutoka kila upande, ili nyuzi zisichanike upande wa pili.

Jaribu bila gundi. Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono. Ukihitaji nyundo, tazama ncha za uma: zikianza kupanuka, punguza ulimi kidogo, maana paini hupasuka kufuata nyuzi. Wakati wa gundi, weka klempu ya kubana mashavu ya uma pia, si ile ya kuvuta mabega peke yake.

Na ubao uwe mkavu. Ulimi uliochongwa kwenye ubao mbichi husinyaa, hata kama ulichorwa vizuri namna gani.